Kigari cha Mtoto Kinapolia: Safisha Ekseli Kwanza, Mafuta Baadaye

Gurudumu la kigari cha mtoto halianzi kupiga kelele kwa siku moja. Mwanzoni husikika mlio mwembamba, tena ndani ya nyumba tu, kukiwa kimya. Baada ya wiki chache mlio huo unakwenda sambamba na kila mzunguko wa gurudumu. Mwisho gurudumu la mbele linaanza kugoma kwenye kona, na anayesukuma analazimika kuubonyeza mpini chini ili kigari kinyanyuke mbele ndipo kigeuke. Hapo ndipo chupa ya mafuta ya kupikia inapotolewa jikoni, matone mawili matatu yanadondoshewa pembeni mwa gurudumu, na kelele inakatika papo hapo.

Kelele hiyo hurudi, na ikirudi huwa kubwa kuliko ya awali. Wengi huamua kwamba mafuta yalikuwa machache, wanaongeza. Wakirudia mara kadhaa, gurudumu linakuwa zito, jeusi na lenye kunata, na kigari kinapelekwa stoo au kinatolewa kwa bei ya kutupa. Lakini mara nyingi kigari hicho hakikuwa kimechakaa. Kilichoharibu mambo ni mpangilio wa kazi: mafuta yametiwa juu ya uchafu, wakati uchafu ndio uliopaswa kutoka kwanza.

Ndani ya gurudumu kuna nini

Magurudumu ya vigari vingi vya bei ya kawaida yametengenezwa kwa namna rahisi sana. Katikati kuna ekseli, yaani fimbo ya chuma yenye unene wa kidole kidogo au pungufu. Juu yake kinakaa kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi baiskeli hukiita habu, nacho ni cha plastiki ngumu. Hakuna gololi wala beringi. Plastiki inazunguka moja kwa moja juu ya chuma, na kati yake kuna nafasi ndogo isiyofika hata milimita moja. Pembeni kuna washa moja au mbili za kuzuia gurudumu lisisuguane na mguu wa kigari, na nje kuna kofia ya kuficha yote hayo.

Muundo huu haudai matunzo makubwa, na ukiwa msafi unaweza kuzunguka kwa muda mrefu bila tone la mafuta. Kinachouharibu ni vile vinavyoingia kwenye ile nafasi ndogo. Kigari kina magurudumu mafupi, hivyo ekseli zake ziko sentimita chache tu kutoka ardhini, pale pale vumbi linapotimka na maji ya madimbwi yanaporuka. Nywele na nyuzi za zulia au za nguo hujisokota kwenye ekseli kila gurudumu linapozunguka, na kila mzunguko unazikaza zaidi. Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, kuna chumvi pia. Chumvi ya bahari hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo ekseli iliyopita ufukweni inaendelea kulowa kidogo kidogo hata ikiwa imekaa ndani ya nyumba, na kutu inapata chakula chake.

Mlio wenyewe unatokana na plastiki kavu na chuma kushikana na kuachiana mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Kila kinaposhikana na kuachia, habu inatetemeka, na gurudumu lenye uwazi ndani linaukuza mtetemo huo hadi unakuwa sauti ya kukera. Tone la mafuta linazuia huko kushikana, ndiyo maana kelele hukatika. Ila mafuta hayaondoi mchanga.

Na mchanga ndio wenye madhara hasa. Chembe za mchanga wa kawaida ni ngumu kuliko chuma laini cha ekseli. Chembe inapoingia kwenye habu, inajichimbia ndani ya plastiki na kukaa humo, ncha yake ikiwa imeelekea kwenye chuma. Kuanzia hapo gurudumu likizunguka, chembe inaikwaruza ekseli. Watu hushangaa kuona plastiki nzima na chuma kimechanika, kumbe plastiki imekuwa mshikio wa kisu. Ukitia mafuta hapo, yanakusanya chembe nyingine za vumbi na kuzisambaza kila upande. Mchanganyiko wa mafuta mazito na chembe ngumu ndio ule ule ambao mafundi magari huutumia kusagia vali za injini. Kazi yake ni kula chuma, na ndani ya gurudumu la kigari utaifanya kazi hiyo hiyo.

Jua kwanza kelele inatoka wapi

Kabla ya kufungua chochote, kigeuze kigari miguu juu, fungua breki, kisha zungusha gurudumu moja moja kwa mkono huku umesogeza sikio. Gurudumu zima linazunguka kwa wepesi na kusimama lenyewe polepole. Lenye uchafu linasimama ghafla, au linalia mara moja kwa kila mzunguko, au unahisi kama linapita juu ya kitu kigumu.

Likiwa linazunguka kimya hewani lakini linalia mtoto akikaa, ekseli imekauka au imepata kutu upande unaobeba uzito. Kelele ikisikika tu unapokata kona, chanzo ni ile shina ya wima inayoruhusu gurudumu la mbele kugeuka kulia na kushoto. Ikisikika unapopita kwenye mashimo au unapoegemea mpini, magurudumu hayahusiki kabisa. Sikiliza viungio vya kukunjia fremu, springi na ripiti. Jaribio hili linachukua dakika tano na linakuepusha kufungua magurudumu yote bure.

Kigari kilichokunywa mafuta mengi

Mtaani kwetu Dar es Salaam jirani mmoja alikuwa na kigari chepesi cha mitumba, kile cha mipini miwili kinachokunjwa na kubebwa begani. Kila Jumapili jioni mtoto alikuwa akipelekwa Coco Beach. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likilia, na lile la mbele la kulia lilikuwa limeganda kiasi kwamba lilikuwa likiburuzwa badala ya kuzunguka. Tulikipeleka kwa fundi baiskeli, mzee ambaye hakuwa amewahi kutengeneza kigari cha mtoto lakini habu na ekseli anazijua vizuri.

Alilizungusha gurudumu mara moja, akatikisa kichwa. “Mama, hili halitaki mafuta. Linataka kuogeshwa.”

“Lakini fundi, si nimeliweka mafuta juzi tu?”

“Ndiyo hayo hayo, mama. Tazama.” Akapitisha kidole kwenye mdomo wa habu na kumwonyesha. Kilitoka na uji wa rangi ya kahawia uliojaa punje zinazometameta.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limeshikwa na ulimi mdogo wa chuma uliojificha upande wa ndani. Ukiubonyeza kwa kidole au bisibisi bapa, gurudumu linavutika nje. Kabla ya kulivuta, fundi aliomba simu ya jirani na kupiga picha ya washa zilivyopangana, upi uko nje na upi uko ndani. Ni tahadhari ndogo yenye faida kubwa, maana washa ikirudi upande usio wake gurudumu litasugua mguu wa kigari na kelele mpya itazaliwa.

Ekseli ilipotoka nje ilikuwa na sura mbili. Karibu na mdomo wa habu ilikuwa na pete ya kutu, pale ambapo maji ya chumvi yaliingia na kukaa. Katikati ilikuwa na mistari myembamba inayong'aa ikiizunguka, alama za chembe zilizojichimbia kwenye plastiki. Tulipomulika tochi ndani ya habu, tuliziona chembe zenyewe zikimeremeta. Katikati ya kutu na mchanga palikuwa na utando wa manjano unaonata, mabaki ya mafuta ya alizeti. Mafuta ya mbegu yakipigwa na hewa kwa muda hugeuka gundi, kama unavyoona kwenye ukingo wa chupa ya mafuta iliyokaa wazi.

Gurudumu la mbele lilikuwa na tatizo jingine. Fremu hii ina magurudumu pacha kila kona, na pacha hao wa mbele walikuwa wamefungwa kwa ripiti, hivyo hawakuweza kutolewa bila kuvunjwa. Ila kiungo kizima kinatoka: kuna kitufe juu ya shina, unakibonyeza na kukivuta chini. Kati ya gurudumu na mguu kulikuwa na bonge la nywele na nyuzi nyeupe. Jirani alizitambua mara moja. Zilikuwa za matamvua ya kikoi alichozoea kumfunikia mtoto jua, ambacho pembe yake ilikuwa ikining'inia chini.

Kusafisha hatua kwa hatua

Nywele na nyuzi hukatwa, hazivutwi. Ukizivuta zinajikaza na zinaweza kupenya ndani zaidi. Fundi alipitisha wembe sambamba na ekseli, akakata bonge kwa mstari mmoja, kisha akatoa vipande kwa kibanio cha nyusi. Gurudumu lililokuwa limeganda likaanza kuzunguka hapo hapo, kabla halijaguswa na tone la chochote. Hii si bahati. Magurudumu mengi ya mbele yanayogoma kwenye nyumba zenye mazulia au watu wenye nywele ndefu yana shida hii tu.

Kwa gurudumu la nyuma, kazi ilianza kwa kufuta mafuta ya zamani kwa kitambaa kikavu, ili yasisambazwe na maji. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na mswaki wa zamani. Mswaki unaingia kwenye mdomo wa habu na kwenye meno ya breki. Ndani ya tundu lenyewe hutumika ukanda wa kitambaa cha pamba: unaupitisha kutoka upande mmoja, unatokea wa pili, kisha unauvuta mbele na nyuma, unausuuza, unarudia hadi utoke mweupe. Chembe zilizojichimbia zilitolewa kwa kijiti cha meno, moja baada ya nyingine. Usitumie msumari wala bisibisi ndani ya habu, kwa sababu mikwaruzo utakayoiacha kwenye plastiki itageuka makazi ya mchanga mpya.

Kuna jambo la kuepuka hapa. Baadhi ya mafundi husafisha kila kitu kwa petroli au mafuta ya taa. Kwa mnyororo wa baiskeli ni sawa, lakini plastiki za kigari na magurudumu ya sponji ngumu huweza kupasuka vinyufa, kuvimba au kulainika zikikutana na vimiminika hivyo. Zaidi ya hayo, harufu na mabaki yake hayafai kuwa karibu na mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni. Maji na sabuni yanatosha, na panapokuwa na grisi iliyoganda, spiriti kidogo kwenye kitambaa itaiondoa kwenye chuma.

Kutu kwenye ekseli iliondolewa kwa msasa mwembamba, namba 400, uliolowekwa maji. Msasa unazungushwa kuifuata duara ya ekseli kwa mkono mwepesi, na unaacha pale ukucha unapopita juu ya chuma bila kukwama. Usiendelee hadi chuma king'ae kote. Kila unachokisugua kinapunguza unene wa ekseli, na nafasi kati yake na habu ikiongezeka gurudumu litaanza kuyumba. Msasa ukimaliza kazi, ekseli inaoshwa tena, kwa kuwa unga wa msasa nao ni chembe ngumu kama ule mchanga uliotolewa.

Halafu kausha. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Maji yakibaki ndani ya habu na ukapaka kilainishi juu yake, umeyafungia humo, na kutu itaanza chini ya ulinzi wako mwenyewe. Futa kwa kitambaa, kisha acha vipande kivulini penye upepo kwa saa kadhaa. Ukanda wa pwani una unyevu mwingi, hivyo kuviacha usiku kucha ni bora. Magurudumu ya sponji usiyaanike kwenye jua kali, maana joto huyasinyaza na kuyapotosha.

Kilainishi kipi kinafaa

Gurudumu la plastiki juu ya chuma linataka kitu chepesi kinachoteleza, kisichonata, kisichokula plastiki. Vitabu vya maelekezo vya vigari vingi hutaja silikoni ya kupuliza au kilainishi kikavu cha tefloni. Vyote viwili vinauzwa kwenye makopo katika maduka ya vipuri vya magari na ya vifaa vya ujenzi. Kimiminika kilichomo kinabeba silikoni au tefloni hadi ndani ya nafasi, kisha kinayeyuka hewani na kuacha utando mwembamba. Vumbi halipati pa kushika. Kwa mazingira yetu, iwe vumbi la Dodoma au mchanga wa Nungwi, sifa hiyo ya kutoshika vumbi ni muhimu kuliko nguvu ya kulainisha.

Vingine vinavyotumika majumbani vina kasoro zinazojulikana. Mafuta ya kupikia, kama tulivyoona, hugeuka gundi. Mafuta ya nazi hayagandi kwa haraka hivyo, lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na pwani joto liko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Yatatiririka, yatachafua sakafu na kukusanya vumbi njiani. Vaselini ni nzito na inanata, nayo hulegea juani. Grisi ya magari ni nzuri pale inapofungiwa ndani ya beringi isiyoingia vumbi, lakini kwenye habu iliyo wazi inafanya kazi ya kunasa mchanga.

Lile kopo la buluu na njano la WD-40, ambalo liko karibu kila gereji, linahitaji maelezo yake. Dawa hiyo ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma na kuzuia kutu. Kwa kulegeza ekseli iliyoshikwa na kutu inafaa sana. Lakini sehemu kubwa yake huyeyuka hewani na kinachobaki ni mafuta mepesi machache, ndiyo maana gurudumu lililopuliziwa hunyamaza kwa muda mfupi kisha likalia tena. Itumie kulegeza, ifute yote, ndipo upake silikoni. Angalia pia jina kamili kwenye kopo, kwa sababu kampuni hiyo hiyo inauza silikoni yenye jina linalofanana.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyofikiri. Fundi alipuliza silikoni kwenye kitambaa, akaifuta ekseli yote kwa kitambaa hicho, kisha akapuliza mara moja tu, kama sekunde moja, ndani ya tundu la habu. Akarudisha gurudumu, akalizungusha mara nyingi, akafuta kilichotoka pembeni. Kinachotoka nje hakina kazi tena, na kikiachwa kitanasa vumbi. Baada ya robo saa hivi, kimiminika kilikuwa kimeyeyuka na gurudumu linaguswa bila kuacha unyevu mkononi.

Fanya kazi hii nje ya nyumba, mbali na jiko, kwa kuwa gesi ya kwenye kopo inashika moto. Sababu ya pili ni sakafu. Silikoni ikidondokea vigae hufanya utelezi usioonekana, na anayepita hapo anaweza kuwa amebeba mtoto. Usipulizie sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi. Na kama kigari chako ni cha kukimbilia, chenye breki ya kukandamiza kama ya baiskeli, funika breki kwa kitambaa kabla ya kupuliza.

Shina ya mbele na magurudumu yenye beringi

Shina ya wima ya magurudumu ya mbele husahaulika, ingawa ndiyo inayofanya kigari kigome kwenye kona. Tundu linaloishikilia limeelekea chini, na kila gurudumu linapokanyaga mchanga baadhi ya chembe hurushwa humo. Usafi wake ni ule ule: toa kiungo, pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, paka silikoni kwa kitambaa, kisha kigeuze kiungo kulia na kushoto mara kadhaa. Kama bado ni kigumu, tafuta kokoto iliyokwama juu kabisa ya tundu, na uone kama ile komeo ya kufunga gurudumu lielekee mbele haijabaki nusu imefungwa.

Vigari vikubwa zaidi, hasa vya magurudumu matatu na vyenye tairi za upepo, mara nyingi vina beringi. Utazijua ukitazama katikati ya habu: kuna pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na kati yake kifuniko. Baadhi hutumia beringi namba 608, ile ile ya viatu vya magurudumu, yenye tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22 na unene milimita 7. Namba huandikwa kwenye beringi yenyewe. Herufi ZZ zinaonyesha vifuniko vya chuma, na 2RS vifuniko vya mpira.

Beringi za aina hii zina grisi yao ndani, zimefungwa ili usiiguse. Ukizipulizia dawa ya kulegeza kutu kwa wingi, dawa inaweza kupenya na kuiyeyusha grisi hiyo, ukabaki na gololi kavu. Futa nje kwa kitambaa chenye unyevu na uishie hapo. Kujua kama ni nzima, tia kidole kwenye tundu na uizungushe. Ikienda laini, iache. Ukihisi inakwaruza, ibadilishe, maana gololi zilizoshika kutu hazirudi kuwa laini. Fundi baiskeli ataitoa kwa kuigonga kidogo kidogo kutoka upande wa ndani, na ataingiza mpya kwa kuisukuma pete ya nje. Akisukuma pete ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi na beringi mpya inaharibika siku hiyo hiyo.

Kurudisha na kupima

Gurudumu linaporudishwa lazima lisikike likibofya. Baada ya hapo livute kwa nguvu kuelekea nje, kama mtu anayetaka kulichomoa. Lisipotoka, limeshika. Fanya hivyo kwa kila gurudumu uliloligusa. Mwaka 2018 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilifungua mashauri dhidi ya kampuni moja kwa sababu ya magurudumu ya mbele ya vigari vya kukimbilia yaliyokuwa yakichomoka katika mwendo na kujeruhi watoto na wazazi. Gurudumu linalolia ni kero, lakini lisiloshika vizuri ni hatari, na kazi ya kusafisha ndiyo inayotoa nafasi ya kosa hilo.

Vigari vingine havina ulimi wa kubonyeza. Chini ya kofia ya gurudumu kuna kibati cha duara chenye meno yanayoing'ata ekseli. Kibati hicho hutoka kwa kupinda meno yake, kwa hiyo kikishatolewa hakirudishwi. Kama huna kipya cha kipimo hicho, usikitoe. Safisha kwa kuinua kofia, kutumia kitambaa chembamba na kupuliza silikoni kwa mrija mwembamba unaokuja na kopo.

Kisha pima kwa uzito kabla ya mtoto kukaa. Jirani alitumia mfuko wa unga wa kilo 10, akausukuma uwanjani, akakata kona kulia na kushoto, akafunga breki kwenye mteremko na kuachia mpini. Kigari kilikwenda kimya na kikasimama pale pale.

Pale ambapo kusafisha hakutoshi

Yapo mambo ambayo mswaki na silikoni haviwezi. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini likiyumba waziwazi, tundu la habu limelika na kuwa kubwa, na hakuna kilainishi cha kurudisha plastiki iliyokwisha. Baadhi ya mafundi hujaza nafasi hiyo kwa kipande cha chupa ya plastiki kilichokunjwa. Gurudumu hunyamaza, ila kipande hicho kinaweza kuhama na kulikamata gurudumu ghafla. Tafuta gurudumu jingine la aina hiyo, hata kutoka kwenye kigari kilichokufa.

Ekseli inayotoka ibingirishe juu ya kioo au kigae kilichonyooka. Ikiruka ruka, imepinda. Ya chuma chepesi huweza kunyooshwa, lakini mara nyingi hupinda tena mahali pale pale, hivyo ni afadhali kubadilisha. Ukiona ufa kwenye habu au kwenye mguu unaoshika ekseli, acha kukitumia kigari hadi kipande hicho kibadilishwe, hata kama magurudumu yanazunguka bila kelele.

Kwa kigari kinachotumika mjini kila siku, kukata nywele na kufuta ekseli mara moja kwa mwezi kunatosha, na usafi kamili pamoja na silikoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Kikitoka ufukweni, ratiba hiyo haihusiki. Suuza magurudumu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, bila kuyapiga kwa mpira wa maji wenye kasi, kwa sababu kasi husukuma mchanga ndani badala ya kuutoa. Kifute, kiache kikauke kabla ya kukikunja, na kama mkononi una kopo la silikoni, liweke chini hadi utakapokuwa na uhakika kwamba ndani ya habu hakuna punje iliyobaki.